Dakika 70 kabla ya mtihani: namna ya kutunza, kulinda na kufungua karatasi za maswali

Watu wengi wakifikiria kuvuja kwa mtihani huwazia mwizi anayevunja stoo usiku wa manane. Mwizi huyo yupo, na tutamfungia mlango. Ila mimi, baada ya misimu mingi ya kuwa msimamizi mkuu wa kituo, usiku unaninyima usingizi kidogo kuliko muda ule wa asubuhi kati ya stoo kufunguliwa na watahiniwa kuingia. Usiku karatasi zimelala nyuma ya kufuli mbili na hakuna mwenye sababu ya kuzigusa. Asubuhi zinatoka, zinabebwa, zinakatwa, zinahesabiwa, na kila anayezigusa ana ruhusa ya kuzigusa. Hapo ndipo panapohitaji utaratibu.

Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kituo chenye watahiniwa 138 wanaoketi katika vyumba vitatu. Chumba A wako 50, chumba B 50, chumba C 38. Mtihani unaanza saa 3:00 asubuhi. Karatasi zimekuja katika pakiti za nakala 25, kwa hiyo pakiti 6, jumla nakala 150. Saa nitakazotaja ni za mfano huu. Saa ya kufungua pakiti huwekwa na baraza la mitihani katika maelekezo yake, na ikipingana na ya kwangu, shika ya baraza.

Kabla ya yote: stoo yenyewe

Ukikabidhiwa chumba cha kuhifadhia mitihani, usianze kukagua mlango. Anza kwa kuangalia juu. Katika majengo mengi ukuta unaotenganisha vyumba huishia kwenye dari na haufiki kwenye paa. Mtu akipanda dari ya chumba cha jirani anatembea juu ya mbao na kushuka ndani ya stoo yako bila kugusa kufuli. Gonga dari, uliza fundi, na kama ukuta haufiki juu, chumba hicho hakifai hata kama mlango wake ni wa chuma tupu.

Kisha mlango. Angalia bawaba ziko upande gani. Mlango unaofunguka kwa nje huwa na bawaba zinazoonekana, na pini za bawaba za kawaida hutolewa kwa nyundo na msumari, mlango ukang'oka huku kufuli limefungwa vizuri kabisa. Dawa yake ni kuchomelea vichwa vya pini. Angalia na komeo: kama skrubu zake zinaonekana mlango ukiwa umefungwa, anayetaka kuingia hana haja ya ufunguo, bisibisi inamtosha.

Ndani, karatasi zisikae sakafuni. Maji ya mvua yakipenya chini ya mlango huanza na pakiti za chini, na mchwa nao hutokea huko huko. Ziweke kwenye rafu au kasha la chuma lililoinuliwa.

Sasa jambo linalodharauliwa kuliko yote: mpangilio wa rafu. Wengi hupanga kwa somo, kama maktaba, hisabati huku, historia kule. Panga kwa tarehe na kipindi cha mtihani. Kila kipindi kiwe na sehemu yake, na juu yake karatasi yenye siku, tarehe na saa kwa maandishi makubwa. Ukipanga kwa somo, karatasi ya kwanza na ya pili za somo hilo hukaa ubavu kwa ubavu, na asubuhi yenye haraka mkono huchukua iliyo karibu. Ukipanga kwa tarehe, karatasi ya kesho haipo kabisa kwenye rafu unayoshika leo. Nusu ya makosa ya kufungua pakiti isiyo yake ningeyaweka kwenye akaunti ya rafu.

Funguo na lakiri

Stoo iwe na kufuli mbili tofauti, na kila ufunguo uwe na mtu wake. Watu hao wasiwe wa nyumba moja, na mmoja asiwe chini ya amri ya mwenzake kiasi cha kuambiwa "nipe ufunguo wako, wewe endelea na shughuli" akashindwa kukataa. Nimeona kituo ambacho kufuli zilikuwa mbili na funguo zote zilining'inia kwenye pete moja mfukoni mwa mtu mmoja, "ili tusichelewe asubuhi". Hiyo ni kufuli moja iliyonunuliwa mara mbili. Funguo za akiba zifungwe kwenye bahasha, wenye funguo wote wawili watie saini juu ya mkunjo wa bahasha, na bahasha itunzwe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anaweza kuifikia peke yake.

Kuna hila moja ya kufuli ambayo kila anayefungua stoo anapaswa kuijua. Mtu anafungua kufuli, analiacha likining'inia wazi kwenye komeo, anaingia ndani. Aliye nje analiondoa na kuweka lake linalofanana nalo. Wakitoka, wanabonyeza kufuli, linafunga, wote wanakwenda kwa amani. Usiku mwenye kufuli lile jipya anarudi na ufunguo wake, anafanya alilokusudia, kisha anarudisha kufuli la awali. Asubuhi funguo zenu zinafanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo kufuli likifunguliwa, libonyezwe lifunge tena pale pale kwenye komeo, au mwenye ufunguo aingie nalo mkononi.

Kwa sababu ya hila za namna hiyo, kufuli haitoshi. Juu yake tumia lakiri ya plastiki yenye namba, ile inayopitishwa kwenye komeo na kukazwa, na ambayo haifunguki ila kwa kukatwa. Lakiri haizuii mtu. Mkasi wa watoto unaikata. Kazi yake ni kukuambia kama kuna aliyepita. Inaweza kukuambia hivyo endapo tu namba yake iliandikwa kwenye daftari wakati wa kufunga, ikasomwa tena wakati wa kufungua, na lakiri ambazo hazijatumika zinatunzwa nje ya stoo kwa hesabu. Vituo vingi hufunga lakiri vizuri na kusahau kusoma namba. Lakiri isiyosomwa ni pambo la mlangoni.

Mlinzi wa usiku asiwe na ufunguo wowote. Mpe namba ya lakiri, na kila anapozunguka aivute kidogo, aisome na aandike saa na namba hiyo. Akiandika "hali shwari" mara nane kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, ujue aliandika zote kwa mkupuo alfajiri. Akilazimika kuandika tarakimu saba kila mara, angalau lazima afike mlangoni.

Saa 1:50: kufungua stoo

Wenye funguo wote wawili wapo. Kabla mtu hajatoa ufunguo mfukoni, mmoja anasoma namba ya lakiri kwa sauti akiitazama lakiri yenyewe, na mwingine anatazama daftari. Anayetazama daftari ndiye anayesema "sawa". Msibadilishane: ukiisoma namba kutoka kwenye daftari huku macho yakikimbilia lakiri, jicho litaona kile ambacho sikio limekwisha kusikia.

Namba ikitofautiana, au lakiri ikiwa imekatika, hamfungui. Mmoja anabaki mlangoni na mwingine anapiga simu kwa msimamizi wa juu, na saa inaandikwa. Ni vigumu, maana watahiniwa wameanza kufika na kila mtu anatamani iwe bahati mbaya tu, pengine mlinzi aliivuta kwa nguvu. Huenda ni hivyo. Lakini uamuzi wa kama karatasi bado zinafaa ni wa baraza, na kuuamua mlangoni wewe mwenyewe ni kubeba mzigo usio wako.

Ikiwa sawa, kata lakiri, weka vipande vyake kwenye bahasha, fungueni. Chukueni pakiti za kipindi cha asubuhi tu. Kama mchana kuna mtihani mwingine, zake zinabaki, na stoo itafunguliwa upya mchana kwa lakiri mpya na mstari mpya kwenye daftari. Najua ni usumbufu. Pakiti ya mchana inayokaa ofisini tangu asubuhi inakuwa na saa tano au sita za kukaa karibu na watu, bila kufuli mbili.

Katika mfano wetu zinatoka pakiti 6. Kila moja inasomwa lebo hapo hapo rafuni: tarehe, kipindi, jina la somo, namba ya somo, namba ya karatasi, idadi ya nakala. Namba ya mfuko inaandikwa. Pakiti zinaingia kwenye sanduku, sanduku linafungwa, stoo inafungwa kwa lakiri mpya, namba inaandikwa. Yote haya yachukue dakika 15 hivi. Yakichukua tatu, kuna kitu kimerukwa.

Njiani na mezani

Sanduku libebwe na watu wawili hata kama ni jepesi. Wasipitie ofisi ya walimu, wasisimame kusalimiana, na lisiwekwe chini "dakika moja tu". Kutoka stoo hadi meza ya msimamizi mkuu hakuna kipindi ambacho mtu mmoja yuko peke yake na karatasi. Ukitaka sheria moja ya kushika katika mwongozo huu wote, shika hiyo.

Mezani, yapata saa 2:10, ndipo mnapokagua mifuko yenyewe. Mifuko mizuri ya usalama ina mstari wa gundi wenye neno la onyo lililofichwa: ukiubandua, neno linajitokeza na halifutiki. Wanaojua hilo hawagusi mstari wa gundi. Hujaribu mshono wa pembeni au wa chini, kwa kupasua kidogo kwa wembe na kuziba tena kwa gundi au joto. Kwa hiyo ukaguzi wa kutazama gundi ya juu peke yake ni ukaguzi wa mahali ambapo mjanja hakupita.

Fanya hivi. Shika mfuko uuelekeze mwanga kwa ubavu, si moja kwa moja, kisha pitisha macho kwenye mishono yote minne. Mshono wa kiwandani una mistari iliyonyooka na upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Uliozibwa kwa mkono huwa na mkunjo, ung'avu usio wa kawaida, au sehemu iliyosinyaa. Pitisha kidole gumba juu yake, maana kidole husikia ukakasi ambao jicho halikuona. Kisha ukunje mdomo wa mfuko kidogo na ubonyeze taratibu ili hewa iliyomo isukume pembeni. Mfuko mzima unabaki umevimba. Wenye tundu unanywea kama mpira uliochomwa mwiba. Wakati mwingine tundu ni la safari tu, kona ya kasha imeutoboa. Hata hivyo andika, maana tundu lisiloandikwa saa 2:10 litakuwa na maelezo magumu saa 5:00.

Kusoma lebo: hapa nikae kidogo

Kosa kubwa kuliko yote asubuhi ni kukata pakiti isiyo ya leo, na halifanywi na wezi. Hufanywa na watu waaminifu wenye haraka. Mara moja lilitaka kunipata.

Ilikuwa siku ya karatasi ya 1 ya somo lenye karatasi mbili. Mifuko yote ilikuwa na rangi moja, na namba za karatasi hizo mbili zilifanana tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Kituo kile rafu ilipangwa kwa somo. Mwenzangu alikuwa na mkasi mkononi, mimi na daftari. Nikasoma kutoka kwenye daftari: tarehe, somo, karatasi ya kwanza. Kila nikitaja anaitikia "ndiyo", "ndiyo", "ndiyo". Mkasi ukagusa mfuko. Mwalimu mgeni, aliyekuja tu kuwa shahidi, akauliza kwa upole, "Samahani, Mwalimu, hapa si imeandikwa mbili?"

Ilikuwa imeandikwa mbili. Mwenzangu hakuwa mzembe. Aliitikia nilichosema badala ya anachokiona, na mimi ndiye niliyemlisha maneno. Tangu siku ile mkasi hauingii chumbani mpaka usomaji uishe, na usomaji wenyewe unakwenda kinyume na nilivyofanya mimi siku ile.

Mtu wa kwanza anashika mfuko na kusoma kilichoandikwa juu yake, bila kuona daftari wala ratiba. Tarehe. Kipindi, asubuhi au mchana. Somo. Namba ya somo, tarakimu moja moja: "moja, sifuri, nne" na si "mia moja na nne". Namba ya karatasi. Mtu wa pili anafuatilia kwenye ratiba rasmi, asiyeuona mfuko, na anatia alama kila kipengele. Wakimaliza wanabadilishana, mfuko unasomwa upya na yule wa pili. Pakiti 6, kila moja mara mbili, ni dakika 5 au 6 jumla. Mtu wa tatu, ambaye hakushiriki, anauliza swali moja tu: leo ni tarehe ngapi? Linachekesha, lakini baada ya wiki tatu za mitihani mfululizo siku huchanganyika, na ratiba iliyo mezani inaweza kuwa ya toleo la zamani kabla ya kubadilishwa.

Na ikiwa umeshakata? Acha hapo hapo. Usitoe karatasi kuthibitisha, usisome hata swali moja ili ujue ni ya pili kweli. Mlango ufungwe, hakuna anayetoka wala kupiga simu isipokuwa msimamizi mkuu anayepigia baraza. Mfuko uliokatwa uingie ndani ya mfuko mpya wa usalama, ufungwe, wote waliokuwapo watie saini juu yake pamoja na saa na dakika, urudi stoo. Kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe, si maelezo ya pamoja. Mara nyingi baraza hupata njia: huamua karatasi ile inabaki salama kwa sababu hakuna iliyotoka mfukoni, au hupeleka nyingine. Lisiloweza kutibika ni mfuko uliobandikwa gundi kimyakimya kwa aibu, kisha ukagundulika siku ya karatasi ya pili.

Saa 2:20: mifuko inakwenda vyumbani ikiwa imefungwa

Kishawishi kikubwa ni kukata mifuko yote mezani kwa msimamizi mkuu, kuhesabu, kisha kugawa nakala kwa vyumba. Inaonekana ni haraka. Inamaanisha pia kwamba nakala 150 zisizofungwa zinatembea koridoni wakati watahiniwa wamesimama huko huko wakisubiri kuingia. Pakiti zigawanywe zikiwa zimefungwa: mbili chumba A, mbili chumba B, mbili chumba C. Wasimamizi wawili wa kila chumba wanatia saini ya kupokea namba za mifuko, na wanasoma lebo kwa mara nyingine wakiwa chumbani.

Kabla ya kukata, simu zote zinatoka kwenye chumba. Za wasimamizi hasa. Zikae kwenye kapu moja nje au kwa msimamizi mkuu, zikiwa zimezimwa. Picha ya ukurasa mmoja huchukua sekunde mbili na ikishatumwa kwenye kundi moja la simu hakuna anayeweza kuirudisha. Na mwalimu anayefundisha somo la leo asiwepo kabisa chumbani wakati wa kufungua, hata kama ni mtu wa kuaminika kupita sisi sote. Karatasi huzungumza naye kwa namna isiyozungumza na sisi. Akiona nusu ukurasa anajua swali zima, na hawezi kujilazimisha asijue.

Saa 2:30: mkasi

Kuna njia mbili za kufungua. Mabaraza mengine hutaka mfuko ukatwe mbele ya watahiniwa walioketi, na wawili kati yao watie saini kwamba waliuona ukiwa mzima. Mengine huruhusu ukatwe kabla hawajaingia, ili karatasi ziwekwe mezani mapema. Njia ya kwanza ni safi zaidi kwa sababu dirisha la kuvuja linakaribia sifuri, na kama kanuni zako zinakuachia uchague, chagua hiyo. Ubaya wake ni kwamba pakiti ikipungua au ikiwa na kasoro, unagundua mbele ya watu 50 wenye wasiwasi. Hapa naeleza ya pili, kwa sababu ndiyo yenye mitego.

Kuanzia mkasi unapokata mpaka watahiniwa wanapoketi, hakuna msimamizi anayetoka chumbani. Wa kwenda haja aende saa 2:25. Mlango unafungwa, na mapazia yanashushwa kama madirisha yanatazama uwanja.

Tumia mkasi wenye ncha butu, si wembe wala kisu. Wembe hupita na kuchana nakala ya juu. Kata kwenye mstari uliochorwa, kwa kawaida chini kidogo ya mstari wa gundi, ili gundi na lebo zibaki nzima. Kipande hicho ni ushahidi, hakitupwi. Kata mfuko mmoja, maliza kuuhesabu, ndipo ukate wa pili. Andika saa na dakika ya kukata.

Toa nakala zikiwa zimelala kifudifudi. Linganisha jalada la nakala moja tu na ratiba, kwa sababu ni nadra ila hutokea lebo ya nje ikasema hivi na ndani pakawa na kitu kingine. Jalada tu, hakuna kufunua ndani. Kurasa zilizokosekana au kuchapwa mara mbili watazigundua watahiniwa wenyewe ukiwaagiza wahesabu kurasa mtihani unapoanza. Kisha hesabu kwa kuinua kona kwa kidole, mtu mmoja anahesabu hadi mwisho, wa pili anahesabu upya bila kuambiwa jibu la kwanza. Karatasi mpya hushikana, hasa kukiwa na unyevunyevu, kwa hiyo hesabu mbili zikitofautiana kwa moja, hesabu mara ya tatu kabla ya kuanza kumtilia mtu shaka.

Nakala moja imepungua

Katika mfano wetu chumba B kinahesabu pakiti ya kwanza 25, ya pili 24. Wanarudia: 24. Chumba B kina watahiniwa 50, nakala 49.

Wasimamizi wa B hawatoki. Mmoja anasimama mlangoni na kumwita msimamizi mkuu kupitia mpeleka ujumbe. Msimamizi mkuu anaingia, anahesabu mwenyewe, anakagua ndani ya mfuko mtupu kwa kuugeuza nje ndani, maana nakala ya mwisho hupenda kunata kwenye plastiki. Haipo. Wote watatu wanatia saini kwenye fomu ya tofauti: namba ya mfuko, idadi iliyoandikwa 25, iliyokutwa 24, saa 2:36.

Saa hiyo ndiyo roho ya jambo. Upungufu ulioandikwa kabla ya watahiniwa kuingia, ukiwa na saini tatu na mfuko uliokuwa mzima saa 2:20, husomeka kama kosa la kupakia kiwandani. Upungufu huo huo ukigunduliwa mwisho wa mtihani husomeka kama nakala iliyoibwa.

Chumba C kimefungua pakiti mbili kwa watahiniwa 38, kwa hiyo kina ziada 12. Msimamizi mkuu na shahidi wanachukua moja, wanaiweka kwenye bahasha, wanaifunga hapo C, wanaifungua B. Fomu ya C sasa inasema ziada 11. Fomu ya B inasema imepokea 1. Tuseme baadaye chumba A kinakuta watahiniwa wawili hawakufika. Mwisho wa siku hesabu inakuwa hivi: zilizotumika 48 na 50 na 38, jumla 136. Zilizobaki 2 za A na 11 za C, jumla 13. Ukijumlisha unapata 149, na ya 150 ina fomu yake ya saa 2:36. Hakuna nakala isiyo na maelezo.

Nakala za ziada hazitoki chumbani mpaka mtihani uishe. Zinaingia kwenye bahasha, inafungwa, inakaa mezani mbele ya macho ya wote. Mwalimu wa somo atakuja mlangoni kuomba moja "aangalie tu wanafunzi wamepewa nini". Atakuja, nakuhakikishia, na atakuwa na adabu sana. Jibu ni hapana mpaka mtihani uishe, kwa sababu nakala iliyo nje wakati mtihani unaendelea inaweza kurudi ndani ikiwa na majibu.

Saa 2:40 hadi mlango

Zikigawiwa mezani, kila nakala ikae kifudifudi, kona moja ikiwa sawa na ukingo wa meza. Msimamizi mmoja anagawa, wa pili anamfuata akihesabu meza, si karatasi. Wakifika mwisho, idadi ya meza na idadi ya nakala zilizotoka mkononi zilingane. Kama baraza limetuma karatasi ya marekebisho ya swali, bahasha yake inafunguliwa sasa, si mapema.

Halafu subirini. Hizi ni dakika chache za ajabu: karatasi 50 zimelala wazi, chumba kimya, na wasimamizi wawili hawana la kufanya. Hapo ndipo mtu huinua ukurasa mmoja "kuona tu kama ni gumu". Mimi huwasimamisha, mmoja mbele na mwingine nyuma ya chumba, wote wakitazamana, na mikono nyuma.

Saa 2:45 msimamizi wa mbele anasoma saa kwa sauti, wa nyuma anaiandika, na kitasa kinazungushwa.